Ugonjwa wa mtetemo wa mikono

Ugonjwa wa mtetemo wa mikono ni ugonjwa wa kazini unaowapata watu wanaoshika zana zinazotetema kwa muda mrefu, kama vile nyundo ya hewa, mashine ya kuvunja zege, mashine ya kuchoronga miamba, grainda na msumeno wa mnyororo. Mtetemo hupita kwenye mpini hadi vidoleni na kudhuru neva, mishipa midogo ya damu, misuli na viungo vya mkono. Dalili zake kuu ni mbili: vidole kufa ganzi, na vidole kugeuka vyeupe wakati wa baridi kwa sababu damu haifiki. Dalili hiyo ya pili ndiyo iliyoupa ugonjwa jina lake la zamani, "kidole cheupe".

## Historia

Mwaka 1862 daktari Mfaransa Maurice Raynaud alieleza hali ya vidole kuwa vyeupe kutokana na mishipa ya damu kujikaza kwenye baridi. Mwaka 1911 Mwitalia Giovanni Loriga aliihusisha hali hiyo na nyundo za hewa zilizotumiwa na wachonga mawe.

Uchunguzi uliojulikana zaidi ulifanywa mwaka 1918 na daktari Mmarekani Alice Hamilton katika machimbo ya mawe ya chokaa ya Bedford, jimbo la Indiana. Wachongaji wa huko walishika nyundo ya hewa kwa mkono wa kulia na patasi kwa mkono wa kushoto. Hamilton aliona kwamba mkono wa kushoto, uliokuwa ukibana patasi inayotetema, ndio ulioathirika zaidi, na kwamba vidole viligeuka vyeupe hasa asubuhi za baridi. Watafiti waliorudi Bedford mwaka 1978, miaka 60 baadaye, walikuta ugonjwa ungali umeenea miongoni mwa wachongaji.

## Jinsi mtetemo unavyodhuru

Ngozi ya ncha za vidole ina vipokezi vidogo vya hisia vinavyotambua mguso na mtetemo. Baada ya kazi fupi na zana inayotetema, vipokezi hivyo huchoka, na mtu huhisi vidole vikimchoma na kufa ganzi kwa dakika kadhaa. Hali hiyo hupita. Mtetemo ukirudiwa siku baada ya siku, vipokezi na nyuzi za neva huharibika, na ganzi hubaki hata siku za mapumziko.

Upande wa damu, kuta za mishipa midogo ya vidole hunenepa na utando wake wa ndani hupoteza uwezo wa kuilegeza mishipa. Baridi inapowagusa, watu wote hupata mishipa ya vidole kujikaza kidogo ili joto la mwili lisipotee. Kwa mgonjwa, mishipa hiyo hufunga kabisa. Kidole huwa cheupe na baridi, kisha damu inaporudi huwa chekundu na kuuma. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mabadiliko hayo huonekana vizuri zaidi upande wa kiganja na chini ya kucha.

Madhara ya neva na ya damu hayaendi pamoja lazima. Katika nchi za joto mfanyakazi anaweza kufa ganzi kwa miaka bila kuona kidole cheupe, kwa kuwa hapati baridi ya kutosha kukisababisha. Kwa hiyo kukosekana kwa weupe si uthibitisho kwamba mikono ni mizima. Ugonjwa wenyewe upo Afrika pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini uliukuta kwa takriban asilimia 15 ya waliotumia mashine za kuchoronga miamba.

## Muda na kiasi cha mtetemo

Ukali wa mtetemo hupimwa kwa kifaa kinachofungwa kwenye mpini, na huandikwa kama mchapuko, yaani m/s². Lakini ukali peke yake hautoshi kueleza hatari. Kinachohesabiwa ni muda ambao zana inatetema mkononi, wala si saa zote za zamu. Vyote viwili huunganishwa kwa fomula ifuatayo, ambayo hutoa wastani wa saa 8:

A(8) = a × √(T ÷ 8)

Hapa a ni mtetemo wa zana na T ni saa za kuishika ikiwa inafanya kazi.

Chukua mfano wa fundi anayevunja zege kwa mashine yenye mtetemo wa 12 m/s². Yuko kazini kutwa nzima, lakini ukitoa muda wa kusogeza mashine, kuondoa vifusi na kupumzika, anabonyeza kiwashio kwa saa 2 tu. A(8) yake ni 12 × √(2 ÷ 8), yaani 6 m/s². Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2002 linamtaka mwajiri achukue hatua kuanzia 2.5 m/s², na linakataza kuvuka 5 m/s². Fundi huyo amevuka mpaka kwa saa 2 za mtetemo. Kwa mashine hiyo, kiwango cha kuchukua hatua hufikiwa baada ya dakika 21 hivi, na mpaka wa juu baada ya dakika 83.

Akibadili mashine na kupata yenye mtetemo wa 6 m/s², saa 2 zilezile zitampa A(8) ya 3 m/s². Akibaki na mashine ya zamani, itambidi apunguze muda hadi nusu saa ili afikie 3 hiyohiyo. Hivyo, kupunguza mtetemo kwa nusu ni sawa na kupunguza muda hadi robo.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 5349-1 kinakadiria miaka ambayo asilimia 10 ya kundi la wafanyakazi watapata vidole vyeupe. Kwa A(8) ya 6 ni takriban miaka 5, na kwa A(8) ya 3 ni takriban miaka 10. Makadirio hayo ni ya kundi, hayatabiri mtu mmoja mmoja, na hayahusu ganzi.

## Utambuzi

Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha ugonjwa. Daktari huuliza zana zilizotumiwa na muda wake, kisha hupima uwezo wa vidole kuhisi mtetemo na joto. Ganzi ya usiku katika kidole gumba, cha shahada na cha kati huweza kutokana na neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, tatizo ambalo pia huletwa na mtetemo. Vidole vya miguu vikigeuka vyeupe pamoja na vya mikono, au dalili zikiwa zimeanza utotoni, chanzo huenda ni kingine.

Kipimo cha Stockholm hutenga ngazi za damu na za neva. Katika ngazi za juu mgonjwa hushindwa kufunga vifungo vya shati au kuokota sarafu, na kwa wachache ngozi ya ncha za vidole hufa.

## Matibabu na kinga

Hakuna dawa inayoponya ugonjwa huu. Mfanyakazi akiacha mtetemo mapema, vidole vyeupe huweza kupungua kwa miaka kadhaa, hasa asipovuta sigara, kwa kuwa nikotini hukaza mishipa. Ganzi iliyokwisha kukaa kwa kawaida hairudi nyuma.

Glavu huhifadhi joto, lakini haziwezi kutegemewa kuzuia mtetemo wa zana nzito. Kinga yenye nguvu ni kubadili zana au njia ya kazi, kunoa patasi na minyororo, na kupokezana. Huko Suomussalmi, Finland, misumeno ya mnyororo yenye mtetemo mdogo ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, wakata miti wenye vidole vyeupe walipungua kutoka asilimia 40 mwaka 1972 hadi asilimia 5 mwaka 1990.