Kutoa mtu kwenye foto bila kupoteza nywele: kazi ya maski ndani ya Photoshop

Mtu akifariki, mara nyingi familia inaleta kwenye studio foto moja tu, ile iliyobaki kwenye telefone, na kuomba itiwe kwenye banderoli ya kilio. Mfano wetu ni wa namna hiyo: mama mwenye nywele za asili, hazikusukwa, amesimama mbele ya ukuta wa buluu hafifu, amevaa blauzi nyeupe. Banderoli yenyewe ni ya kijani nzito. Kazi ya kwanza ilifanywa kwa gome ya kufuta, na kichwa kikatoka laini kama mtu amevaa kaske ya pikipiki. Watoto wake wakasema: « Huyu haiko mama yetu. »

Kosa ni kufuta. Ulichofuta kimekwenda, lakini maski inaficha tu. Mahali penye weupe kwenye maski panaonekana, penye weusi panafichwa, na kijivu kinaonyesha nusu. Unywele mmoja mwembamba unahitaji kile kijivu, njo maana hakuna mkasi unaoweza kuukata vizuri.

Fungua foto, bonyeza Ctrl+J ili upate kalke ya pili, na ile ya kwanza usiiguse tena, zima tu jicho lake. Kisha ingia kwenye dirisha la Channels. Utaona foto imegawanywa mara tatu: Red, Green na Blue. Bonyeza moja moja, utafute pale ambapo nywele ziko nyeusi zaidi na ukuta mweupe zaidi. Kwa ukuta wetu ni Blue. Kama ukuta ungekuwa wa manjano, Blue ingeonyesha ukuta mweusi, na ungechukua Red. Vuta Blue mpaka kwenye alama ya karatasi mpya chini ya dirisha, ipatikane Blue copy. Fanya kazi kwenye hiyo kopi peke yake, kwa sababu ukigusa Blue yenyewe rangi za foto zitaharibika.

Sasa bonyeza Ctrl+L. Sogeza mshale mweusi kuelekea kuume na mshale mweupe kuelekea kushoto. Kwa foto hii tulifika karibu 50 na 185, lakini usifuate namba, fuata macho: zile nywele ndogo za pembeni zikianza kupotea, umepita, rudi nyuma kidogo. Ukuta ukibaki na madoa ya kijivu, chukua brosi, weka Mode: Overlay na Opacity 20%, pitisha rangi nyeupe juu ya ukuta karibu na nywele. Overlay inaangaza kijivu cha ukuta, na nywele zilizo nyeusi kabisa zinabaki vile zilivyo. Ukitumia brosi ya kawaida pale pembeni, umerudi kwenye kaske.

Uso na sehemu ya ndani ya mwili jaza nyeusi na brosi ya kawaida. Blauzi ndiyo inasumbua, sababu nyeupe juu ya ukuta hafifu haitengani kwa njia hii. Lakini nguo haina nywele: izungushie Pen Tool polepole, bonyeza Ctrl+Enter, halafu ujaze nyeusi.

Mtu wote akiwa mweusi, bonyeza Ctrl+I kugeuza. Shika Ctrl na ubonyeze picha ndogo ya Blue copy, mistari itatembea kuzunguka mtu. Bonyeza RGB, rudi kwenye kalke yako, kisha Add layer mask. Ukuta unapotea. Ukishika Alt na kubonyeza maski, utaiona yenyewe, na mashimo ya kijivu yaliyobaki usoni utayaona na kuyajaza nyeupe.

Weka kijani nzito chini. Hapo njo wengi wanakata tamaa: kuzunguka nywele kunatokea mwanga wa buluu, kama taa nyuma ya kichwa. Maski haina kosa. Ni rangi ya ukuta iliyochanganyika na nywele siku ya kupiga foto. Tengeneza kalke mpya juu ya mtu, bonyeza Alt+Ctrl+G ili ishikane naye, weka Multiply, chukua rangi ya nywele kwa Alt, na upake pembeni kwa brosi laini. Hiyo ilichukua dakika kumi, na ndiyo ilirudisha kichwa cha mama.

Njia hii inakataa mvi mbele ya ukuta mweupe, maana hakuna tofauti ya kuvuta. Inakataa pia foto iliyopita WhatsApp mara nyingi, ambayo pembeni ya nywele iko na viboksi vidogo. Omba familia itume ile ya mwanzo kama dokima, si kama foto ya kawaida. Na kazi uihifadhi kwa PSD: JPEG haishiki maski, na familia ikiomba fondi nyingine kesho utaanza upya.