Sumu ya Mishale na Pampu ya Chumvi Mwilini

Mwezi Desemba mwaka 1997, mjini Stockholm, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa Märsta, mwanasayansi wa Denmark Jens Christian Skou alikabidhiwa nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia. Ugunduzi wake ulithibitishwa kwa kitu ambacho wawindaji wa Afrika Mashariki walikijua zamani: sumu ya mti wa msunguti.

Wawindaji wa Kiwaata na Kigiriama, katika pwani ya Kenya, walichemsha magogo na mizizi ya mti huo hadi yakatoa utomvu mzito mweusi wa kupaka mishale. Ndani yake mna uabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo.

Mwaka 1957, huko Aarhus, Skou alisaga mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Akaona protini inayovunja ATP, yaani akiba ya nishati ya seli, kwa kasi zaidi pale sodiamu na potasiamu zinapokuwapo pamoja. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mjini Vienna, Mmarekani Robert Post alimwuliza iwapo uabaini unaizuia protini hiyo. Skou hakuwa na jibu. Alipiga simu Aarhus, jaribio likafanywa, na protini ikasimama. Basi hiyo ndiyo ilikuwa pampu yenyewe.

Kwa kila ATP moja, pampu hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, zote zikitoka palipo haba kwenda palipojaa. Huu ndio usafirishaji amilifu wa msingi, kwa kuwa nishati hulipwa papo hapo.

Na glukosi je? Mwezi Agosti 1960, mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba utumboni sukari huingia pamoja na sodiamu. Leo twajua kuwa ioni 2 za sodiamu, zikikimbilia ndani ya seli ambamo pampu imeipunguza sodiamu, huvuta molekuli 1 ya glukosi hata kama ndani tayari imejaa. Mlango huu hauvunji ATP wenyewe; hutumia jasho la pampu. Ndiyo maana huitwa usafirishaji amilifu wa pili. Ukiizuia pampu kwa uabaini, sodiamu hujazana ndani, na mlango wa sukari nao hupoteza nguvu.

Mgonjwa wa kipindupindu huokolewa na mlango huo. Sumu ya ugonjwa humwaga chumvi na maji utumboni, lakini haiugusi. Akinywa chumvi peke yake, hafaidiki sana. Ikiwamo glukosi, sodiamu huingia na maji huifuata. Pakiti ya Shirika la Afya Duniani ya tangu mwaka 2002 ina, kwa lita moja ya maji safi, gramu 2.6 za chumvi na 13.5 za glukosi, pamoja na chumvi ya potasiamu na sitreti. Mama asiongeze sukari kwa huruma: ikizidi uwezo wa mlango hubaki utumboni, huvuta maji kutoka mwilini, na kuhara huzidi.