Kuingia Rahisi, Kutoka Kazi: Linux na mlango wa `int 0x80`

Tukifundishwa mwito wa mfumo, mara nyingi tunatazama jinsi programu inavyoingia kwenye kerneli. Naona historia ya Linux kwenye prosesa za x86 inaeleweka zaidi tukitazama inavyotoka.

Prosesa hizo zina ngazi nne za mamlaka, lakini Linux hutumia mbili: 0 ya kerneli na 3 ya programu za kawaida. Tangu mwanzo, programu iliyotaka huduma iliweka namba ya huduma katika rejista `eax`, kisha ikajitega yenyewe kwa makusudi. Hivi ndivyo ilivyouliza namba ya mchakato wake:

```
mov $20, %eax
int $0x80
```

Amri ya pili huipeleka prosesa kwenye ingizo la 128 la jedwali la mitego lililoandaliwa na kerneli. Prosesa huhakiki kwamba ingizo hilo linaruhusu kuitwa kutoka ngazi ya 3, huhamia rundo la kerneli, na kuhifadhi humo mambo matano, mojawapo likiwa anwani ya amri inayofuata. Wakati wa kutoka, `iret` huyarejesha yote matano, na programu huendelea katika ngazi yake ya zamani.

Uangalifu huo una gharama. Mwaka 1997 Intel ilitoa Pentium II yenye amri `sysenter`, ambayo husoma anwani za kerneli kutoka rejista maalumu na haihifadhi mahali pa kurudi. Linux haikuitumia kwa miaka kadhaa. Ilipokuja Pentium 4, `int 0x80` ikawa nzito kuliko kwenye Pentium III, ingawa saa ya prosesa ilikuwa na kasi zaidi. Mwishoni mwa 2002 jambo hilo halikuvumilika tena.

Lakini kerneli ingerudi wapi? Linus Torvalds aliweka ukurasa mmoja wa msimbo wa kerneli ndani ya kumbukumbu ya kila programu. Programu huuita kama inavyoita kazi yoyote, hivyo anwani yake ya kurudi hubaki kwenye rundo lake yenyewe. Ukurasa hunakili `esp` katika `ebp`, kisha hutekeleza `sysenter`. Kerneli hurudi ukurasani, mahali inapopajua, na `ret` humalizia safari. Kwenye prosesa za zamani ukurasa huohuo hubeba `int 0x80`, kwa hiyo programu haihitaji kujua tofauti. Utaratibu huu uliingia katika toleo la 2.6, Desemba 2003.

Kuna deni moja lililobaki, nalo ndilo lililonivutia zaidi. `ebp` ilikuwa tayari rejista ya hoja ya sita. Ukurasa huisukuma kwanza kwenye rundo la programu, na kerneli huisoma huko. Ila anwani ya rundo hilo imetoka kwa programu isiyoaminika, kwa hiyo kabla ya kusoma, kerneli huhakiki kwamba haielekezi kwenye kumbukumbu yake yenyewe.