Mtunza stoo anayesuasua: jinsi ya kuandika maoni ya kipindi cha majaribio

"Hana umakini. Ajitahidi." Maoni ya namna hii yamejaa kwenye mafaili ya wafanyakazi walio kwenye kipindi cha majaribio, kile ambacho wengi tunakiita probesheni. Aliyeandikiwa hajui amekosea wapi. Bosi mwenyewe, akiulizwa miezi miwili baadaye alikuwa ana maana gani, hakumbuki. Na siku ya kumwambia mtu kwamba hatathibitishwa kazini, karatasi hiyo haimsaidii yeyote.

Hapa tunachukua kazi moja tu, ya mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Miyuji, Dodoma. Duka lenyewe ni la mfano, ila ukipita barabara ya Arusha utaona mengi yanayofanana nalo. Mji unajengwa, simenti na nondo zinaingia na kutoka kutwa nzima, na stoo ikivurugika hela inapotea kimya kimya.

Sheria inataka nini

Tanzania Bara, jambo hili lipo kwenye Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Namba 42. Kanuni ya 10 inahusu walio kwenye majaribio. Inataka masharti ya majaribio yajulikane kabla mtu hajaanza kazi, na muda wenyewe uwe wa kiasi, usizidi miezi 12. Ndani ya muda huo mwajiri anapaswa kumfuatilia mfanyakazi, kukutana naye mara kwa mara kujadili tathmini yake, na kumpa mwongozo au mafunzo pale inapobidi.

Akiona kazi haiendi, amwambie wasiwasi wake na ampe nafasi ya kujibu au kujirekebisha. Kumwachisha kunakuja baada ya hapo, kama alishaambiwa, akasikilizwa, akapewa muda wa kutosha, na bado akashindwa. Kwenye kikao cha namna hiyo ana haki ya kuwakilishwa na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Wengi hawalijui hilo, hata mabosi.

Kwa hiyo maoni unayoandika wiki ya 6 ndiyo yanayoonyesha kama mtu aliambiwa kweli, na aliambiwa nini.

Anza na hesabu, usianze na kalamu

Kijana wetu ana majaribio ya miezi mitatu, yaani wiki 13. Kila Ijumaa asubuhi duka linahesabu bidhaa 20 zinazotoka sana na kulinganisha na leja. Kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 6, bidhaa ambazo hazikulingana zilikuwa 7, kisha 6, kisha 8, kisha 7. Jumla ni tofauti 28.

Hapo mama mwenye duka angeweza kuandika "stoo imemshinda" akamaliza. Badala yake alikaa na leja, risiti na daftari la mauzo nusu siku nzima, akafuatilia tofauti moja moja. Nusu siku ni nyingi kwa mtu mwenye duka, najua, lakini ndiyo inayotenganisha tathmini na kisirani.

Alichokikuta ni hiki. Tofauti 17 zilitokana na mzigo uliotoka bila kuandikwa siku ileile. Tofauti 8 zilitokana na vipimo: mzigo umeingia kwa kipimo kimoja, umetoka kwa kingine. Na 3 hazikupata maelezo.

Akaendelea kuchimba. Kati ya zile 17, 11 zilitoka kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Kijana anatoka kazini saa 11. Baada ya hapo muuzaji wa mbele anaingia stoo mwenyewe, anambebea fundi mzigo, na kesho yake anasema "si nilikwambia?" Hizo 11 ni kosa la utaratibu wa duka, na si haki kumbebesha kijana. Zinazobaki kwake ni 6 za kutoandika na 8 za vipimo.

Za vipimo nazo zina historia. Nondo za milimita 12 zinaletwa kwa tani, zinauzwa kwa kipande. Kijana alikuwa anahesabu tani moja kuwa vipande 100. Kwa uzito wa kawaida, kipande cha mita 12 kina kama kilo 10.7, hivyo tani ni vipande 93 au 94. Kila tani ikiingia, leja inakuwa na vipande sita hivi ambavyo havipo duniani. Misumari ni hivyohivyo, inaingia kwa katoni na kutoka kwa kilo. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha.

Vipi kuhusu zile 3 zisizo na maelezo? Ziandikwe hivyohivyo, "hazijapata maelezo". Kama kuna mashaka ya wizi, hilo ni suala la nidhamu na lina njia yake ya uchunguzi na kusikilizwa. Kulichomeka kwenye maoni ya utendaji kwa fumbo, mfano "uaminifu uangaliwe", ni kumchafua mtu bila kumpa nafasi ya kujibu.

Maoni yenyewe

Sasa kalamu. Haya ndiyo aliyoandika:

"Tathmini ya wiki ya 6. Kazi: mtunza stoo.

Yanayokwenda vizuri: Umefika kabla ya saa 2 asubuhi siku zote isipokuwa moja, na uliomba ruhusa. Mpangilio wa simenti umebadilika, ya zamani inatoka kwanza. Hakuna mfuko ulioganda tangu wiki ya 3.

Yasiyofikia kiwango: Kwenye hesabu nne za Ijumaa, bidhaa 6 mpaka 8 kati ya 20 hazikulingana na leja. Kiwango cha duka ni zisizidi 2. Kati ya tofauti 28, 14 zinakuhusu: 6 ni mzigo uliotoka ukiwepo na haukuandikwa siku hiyo, 8 ni vipimo. Tofauti 11 zilitokea jioni wakati haupo, hazihesabiwi kwako. Tofauti 3 hazijapata maelezo.

Upande wa duka: Hukufundishwa kubadili vipimo. Kuanzia Jumatatu stoo inafungwa saa 11 jioni. Ukiwa umeondoka, kila kinachotoka kinaandikwa na muuzaji kwenye daftari la jioni, na anasaini. Jumanne na Jumatano utakaa saa moja na mhasibu mpitie vipimo vyote, na orodha itabandikwa mlangoni.

Njia ya kufaulu: Wiki ya 7 na ya 8 ni za kujifunza, hesabu itafanyika lakini haitatumika kukuhukumu. Wiki ya 9 tofauti zinazokuhusu zisizidi 4, wiki ya 10 zisizidi 3, wiki ya 11 na ya 12 zisizidi 2 kila Ijumaa. Kila mzigo uandikwe siku uliyotoka. Ukifikia kiwango cha wiki ya 11 na ya 12, nitakuthibitisha. Tutakutana kila Ijumaa saa 4 asubuhi, dakika 15."

Angalia neno "umakini" halimo kabisa. Wala "kujituma", wala habari za mtunza stoo aliyemtangulia. Kila kilichoandikwa, kijana anaweza kwenda kwenye leja akakiona kwa macho yake, na akikuta si kweli anaweza kukipinga.

Sifa nazo zina ushahidi. Ukiandika tu "ni kijana mzuri" kabla ya kumkosoa, atajua unapuliza kabla ya kung'ata. Simenti isiyoganda ni kitu cha kuhesabika, na inamwambia kwamba kupanga anaweza, shida yake ni kuandika.

Kuhusu namba za wiki ya 9 mpaka ya 12: wapo mabosi wanaotaka kiwango kamili kesho yake. Mtu anayetoka tofauti 7 hafiki 2 kwa wiki moja, na ukimwekea hivyo atafundishwa kuficha. Atarekebisha leja Alhamisi usiku ifanane na kilichomo stoo. Dalili yake ni leja isiyo na mafuto, yenye wino mmoja na mwandiko wa mkao mmoja kwa siku tano. Leja ya kweli ina vumbi na vidole.

Kikao

Karatasi anapewa siku moja kabla, asome. Haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la duka. Kwenye kikao, swali la kwanza ni lake.

"Shikamoo mama. Nimeisoma. Ila hizi sita, mbili zilikuwa saa saba, nimeenda kula. Funguo nilimwachia kaka wa mbele."

"Marahaba. Una uhakika? Lini?"

"Jumatano ile yalipotoka mabati, na Jumatatu yake."

Mama akafungua daftari la mauzo. Mabati yalitoka saa 7 na robo, mwandiko wa muuzaji. Ya Jumatatu pia. Akakata 6, akaandika 4, akarekebisha 14 kuwa 12, na wote wawili wakasaini pembeni. Sheria ya daftari la jioni ikaongezwa iwe na ya mchana pia.

Chini ya karatasi pawe na nafasi ya maelezo ya mfanyakazi, kwa mwandiko wake. Kusaini maana yake amesoma, si lazima awe amekubali, na ni vizuri sentensi hiyo iandikwe palepale juu ya sahihi. Akikataa kusaini, andika "amesomewa, hakusaini", na aliyekuwepo asaini kama shahidi.

Wiki ya 12 ikifika

Tuseme Ijumaa ya wiki ya 11 alipata tofauti 2 na ya 12 akapata 1. Barua ya kuthibitishwa itoke kabla ya wiki ya 13 kwisha, kwa maandishi. Usiache muda upite kimya ukidhani amethibitika mwenyewe, maana kuthibitishwa hakuji kwa kalenda tu, na yeye atakaa bila kujua amesimama wapi.

Tuseme amepata 3 na 4. Hapo bosi anaangalia kwanza ahadi zake mwenyewe. Je, stoo ilifungwa kweli saa 11? Mhasibu alikaa naye siku zote mbili? Kama orodha ya vipimo ilibandikwa wiki ya 10, basi kijana hakupewa muda ulioandikwa. Kanuni zinaruhusu kuongeza muda kwa kiasi, baada ya kushauriana naye, pale mwajiri anapokuwa hajaweza kumpima sawasawa. Wiki nne zenye kiwango kilekile zinatosha kwa kazi hii.

Kama duka lilitimiza yote na bado ni 3 na 4, mwite kwa kikao kingine na mwambie anaweza kuja na mwenzake. Msikilize kabla hujaamua, kisha andika uamuzi ukitaja tarehe za hesabu na namba zake. Nakala moja ni yake. Ya pili ikae kwenye faili pamoja na kurasa za leja za Ijumaa hizo, siyo kwenye simu peke yake, kwa sababu shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi utaulizwa kuhusu zile kurasa.