Sauti Kwanza: Kipimo cha Programu za Watoto wa Chekechea Zisizotegemea Intaneti

Makala haya yanatetea hoja moja: programu ya michezo au hadithi za watoto wa chekechea haistahili kuitwa isiyotegemea intaneti mpaka sauti zake zote ziwemo kwenye kifaa kabla mtoto hajakishika. Mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Maelekezo, majina ya herufi na masimulizi humfikia kwa sikio. Sauti ikikosekana, mchezo wa kutambua herufi haumwambii atafute ipi.

Chukua GCompris, programu huria iliyoanzishwa na Bruno Coudoin mwaka 2000, ambayo leo iko chini ya jumuiya ya KDE. Michezo yake huchezeka bila mtandao, lakini sauti za lugha iliyochaguliwa huweza kupakuliwa kama faili za pembeni. Mzazi aliyeisakinisha mjini akaahirisha hatua hiyo atafika kijijini na mchezo bubu.

Sauti hutengwa hivyo kwa sababu ya uzito wake, lakini uzito huo unapunguzika. Masimulizi ya msemaji mmoja yaliyobanwa kwa Opus, kilobiti 32 kwa sekunde, husikika vizuri. Dakika moja huchukua kilobaiti 240, na hadithi 40 za dakika tatu tatu hufika takriban megabaiti 29. Hadithi hizohizo kwa kilobiti 128, kiwango kinachofaa zaidi muziki, zingefika megabaiti 115. Anayelalamikia uzito, basi, aanze kwa kukagua namna alivyozibana.

Kasoro ya pili hujificha zaidi. Google Play humruhusu mtengenezaji kuchagua lini faili za ziada zishuke: zile za `install-time` huingia pamoja na programu, ilhali za `on-demand` husubiri kuombwa. Tena, programu nyingine huweka sauti iliyopakuliwa kwenye hifadhi ya muda, ambayo Android huweza kuifuta nafasi ikipungua. Ndiyo maana hadithi iliyosomwa jana inaweza kukataa leo, ingawa hakuna aliyeigusa.

Kasoro zote mbili hugundulika kwa jaribio dogo. Sakinisha programu, zima mtandao kabla ya kuifungua, kisha pitia kila hadithi na kila mchezo. Kisha washa mtandao, acha sauti zilizokosekana zishuke, uzime tena, futa hifadhi ya muda kwenye mipangilio ya simu, urudie. Kinachonyamaza mara ya kwanza hakikuwamo. Kinachonyamaza mara ya pili kiliwekwa pasipofaa.

Wapo watakaosema kwamba kufungasha kila kitu kunazuia kuongeza hadithi mpya. Pingamizi hilo lina uzito, ila linajibika: hadithi mpya ishuke ikiwa kifurushi kamili, maandishi, picha na sauti, na isionekane kwenye orodha ya mtoto mpaka faili ya mwisho iingie. Mtu mzima huweza kusubiri mtandao urudi. Mtoto huyu hujua tu kwamba amebonyeza na hakuna aliyemjibu.