Kuni za tumbaku Urambo: hapa ndipo asilimia na vipimo vinapokula alama

Wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, inalima tumbaku ya mvuke, na tumbaku hiyo hukaushwa kwa kuni. Majani yanapangwa ndani ya bani, moto unawashwa chini, na joto linapita kwenye mabomba siku kadhaa mchana na usiku. Kuni nyingi zinatoka kwenye misitu ya miombo. Ndiyo maana swali la mazingira linalohusu Tabora mara nyingi linauliza mambo mawili: kuni zimepungua kwa asilimia ngapi, na msitu umepungua kwa asilimia ngapi?

Maswali haya yanaonekana mepesi, ila ndipo wengi wanapoangusha alama. Takwimu zilizotumika hapa chini ni za zoezi, si za kijiji fulani.

Kuni kwanza

Mkulima ana bani la zamani. Kwa msimu mmoja alitumia lundo la kuni lenye urefu wa mita 8.0, kimo cha mita 1.2, na kila gogo lilikatwa sentimita 150. Msimu uliofuata akajenga bani la kisasa. Lundo likawa na urefu uleule na magogo ya kipimo kilekile, lakini kimo kikashuka hadi mita 0.70. Kuni zimepungua kwa asilimia ngapi?

Mtego wa kwanza ni ile 150. Vipimo viwili vimetolewa kwa mita na kimoja kwa sentimita. Anayezidisha moja kwa moja anapata 1,440 na kuandika "mita za ujazo". Hilo ni lundo la kujaza ukumbi wa shule! Badilisha kwanza sentimita 150 kuwa mita 1.5, halafu zidisha:

```
8.0 × 1.2 × 1.5 = 14.4
8.0 × 0.70 × 1.5 = 8.4
```

Tofauti ni mita za ujazo 6.0. Sasa inagawanywa kwa ngapi? Swali linasema kuni zimepungua, na zimepungua kutoka 14.4. Basi 14.4, kile cha mwanzo, ndicho kinakaa chini:

```
6.0 ÷ 14.4 × 100 = 41.666...
```

Anayegawanya kwa 8.4 anapata asilimia 71. Namba hiyo si ya uongo, ila inajibu swali jingine. Kama mkulima angerudi kwenye bani la zamani, kuni zingeongezeka kwa asilimia 71. Kushuka na kupanda kwa mita zilezile hakuleti asilimia moja, kwa sababu kianzio kimebadilika.

Kuna njia ya kujihakiki inayochukua sekunde chache. Chukua asilimia 42 ya 14.4, inakuja karibu 6. Itoe kwenye 14.4, unabaki na 8.4. Ukifanya hivyo kwa 71 unabaki na mita kama 4, na hapo utaona mwenyewe kuwa kuna kitu hakijakaa sawa.

Desimali nyingi hazikuongezei alama

Kikokotoo kinaonyesha 41.66666667. Wapo wanaoinakili yote. Lakini kimo kilipimwa mita 1.2, yaani tarakimu mbili tu zenye uhakika. Hizo ndizo tarakimu muhimu. Jibu haliwezi kuwa na uhakika kuliko kipimo kilicholizaa, kwa hiyo andika asilimia 42.

Kosa la upande wa pili ni kukadiria mapema. Ukiifanya 14.4 kuwa 14 katikati ya kazi kisha uendelee, unapata 5.6 gawanya kwa 14, yaani asilimia 40 kamili. Alama mbili za asilimia zimepotea kwa haraka tu. Beba namba nzima hadi mwisho, kata mara moja.

Swali likiendelea kutaka kilo, soma tena neno "lundo". Kuni zilizopangwa zina hewa katikati. Swali likisema asilimia 60 ya lundo ndiyo mbao tupu, na mita moja ya ujazo ya mbao ina kilo 750, basi kuni zilizookolewa ni 6.0 × 0.60 × 750, sawa na kilo 2,700. Aliyesahau hewa anaandika kilo 4,500. Ni vizuri kumalizia kwa tani 2.7, maana hapo msahihishaji anaona wazi tarakimu zako ni mbili. Kwenye 2,700 haijulikani kama sifuri zile zilipimwa au zimejaza nafasi.

Msitu kwenye ramani

Hapa kosa linajificha zaidi. Kwenye ramani ya 1:50,000, msitu wa kijiji umechukua sentimita za mraba 48. Upimaji wa karibuni umeonyesha zimebaki hekta 980. Umepungua kwa asilimia ngapi?

Kwenye ramani hiyo sentimita 1 ni kilomita 0.5. Mwanafunzi anazidisha 48 × 0.5 na kupata kilomita za mraba 24, yaani hekta 2,400. Halafu anatangaza kuwa msitu umepungua kwa asilimia 59. Jibu linaaminika kabisa, hasa kwa mtu aliyeshasikia habari za ukataji miti Tabora, na hapo ndipo hatari ilipo.

Eneo lina pande mbili, kwa hiyo kipimo kinazidishwa mara mbili: 0.5 × 0.5 = 0.25. Sentimita moja ya mraba ni kilomita za mraba 0.25. Msitu ulikuwa 48 × 0.25 = kilomita za mraba 12. Ukitaka kuhakiki, angalia miraba ya gridi ya ramani: kila mraba ni kilomita 1 kwa 1, nao una sentimita 2 kwa 2, yaani sentimita za mraba 4. Gawanya 48 kwa 4, unapata 12.

Kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Si 1,000, kosa linalotokana na kukumbuka mita 1,000 za kilomita. Kwa hiyo msitu ulikuwa hekta 1,200:

```
(1200 − 980) ÷ 1200 × 100 = 18.33...
```

Jibu ni asilimia 18. Kutoka 18 hadi 59 ni mbali sana, na kilichosababisha ni kusahau kuzidisha 0.5 mara ya pili.

Ekari za zamani

Urambo ilikuwa moja ya maeneo matatu ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango wa awali ulikuwa na mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Anayelinganisha na takwimu za leo lazima ahamie hekta kwanza, na ekari 1 ni hekta 0.4047. Kikokotoo kitatoa hekta 12,141 kwa shamba moja. Lakini ekari 30,000 ilikuwa namba ya kwenye mpango, hakuna aliyeipima kwa kamba hadi ekari ya mwisho. Hekta 12,000 inatosha, na ile 141 ya mkiani imetoka kwenye kikokotoo, haikutoka shambani.