Namna ya kutambua aina ya simu kwa kutazama kamera, vitufe na mgongo wake

Watu wengi wa Kibuli na mitaa ya jirani hununua simu zilizotumika, mara nyingi kwa akiba ya miezi kadhaa. Muuzaji huitaja simu kwa jina la aina ya bei kubwa, na mnunuzi huamini akiona idadi ya kamera. Makala hii inaeleza unachoweza kutambua kwa macho kabla ya kulipa, na mahali ambapo macho hudanganywa.

Kamera pekee hazitoshi

Chukua Samsung Galaxy A14 na Galaxy A15. Zote zina kamera tatu nyuma, zimepangwa kwa mstari wa kushuka, kila moja ndani ya duara lake. Ukitazama mgongo tu ni rahisi kuzichanganya.

Sasa geuza simu utazame ubavu wa kulia. Kwenye A15, sehemu yenye vitufe vya sauti na cha kuwashia imeinuka kidogo kuliko ubavu wote, na kidole hukisikia kituta hicho. Kwenye A14 ubavu umenyooka.

Tofauti hii inagusa mfuko. Vioo vya simu hizi mbili ni vya teknolojia tofauti na ukubwa tofauti, kwa hiyo kioo cha A14 hakiwezi kufungwa kwenye A15. Ukimtumia fundi jina lisilo sahihi, anaweza kununua kioo kisichokufaa.

Mgongo unaweza kubadilishwa

Mgongo ndio sehemu rahisi zaidi kubadilisha. Udanganyifu unaojulikana sana ni wa iPhone XR ya mwaka 2018 kuvalishwa umbo la iPhone 13 Pro ya mwaka 2021. Inawezekana kwa sababu vioo vyote viwili ni vya inchi 6.1. XR ina kamera moja tu nyuma, lakini umbo jipya huwa na lenzi tatu, mbili zikiwa za pambo.

Tuseme mama mmoja anaonyeshwa simu kama hiyo. Mgongo ni mzuri na lenzi ni tatu. Afanye hivi, hatua kwa hatua:

1. Atafute trei ya laini, yaani kile kisahani kidogo kinachotolewa kwa pini. Kwenye XR kiko ubavu wa kulia, chini ya kitufe cha kuwashia. Kwenye 13 Pro kiko kushoto, chini ya vitufe vya sauti. Mahali pake hufuata bodi iliyo ndani, kwa hiyo umbo la nje halikihamishi. Akikiona kulia, hiyo si 13 Pro.

2. Atazame juu ya kioo. Sehemu nyeusi yenye kamera ya mbele ni pana zaidi kwenye XR, na spika ya kusikilizia iko katikati yake. Kwenye 13 Pro sehemu hiyo ni nyembamba, na spika imesogezwa juu kabisa ukingoni.

3. Afungue kamera. 13 Pro halisi huonyesha alama za .5, 1 na 3 za kubadilisha lenzi. XR haina .5 wala 3. Kisha achague kila alama inayoonekana, na kwa kila moja afunike lenzi moja moja kwa kidole. Kama katika alama zote ni lenzi ileile moja tu inayotia giza picha, na nyingine hazibadilishi chochote, hizo ni pambo.

4. Aingie Settings, kisha General, kisha About. Hapo jina la aina husomeka wazi. Kama limeandikwa iPhone XR, bei ijadiliwe kama ya XR.

Macho yana mipaka

Kuna tofauti zisizoonekana nje. Galaxy A14 ya 4G na ile ya 5G zinafanana sana. Kinachozitenganisha ni namba ya aina, inayopatikana kwenye Settings, kisha About phone. Namba ya 4G huanza na SM-A145, na ya 5G huanza na SM-A146. Kwa hiyo unapoagiza kioo, mpe fundi namba hiyo, si jina tu.

Simu isiyowaka haiwezi kuthibitishwa kwa hatua ya tatu na ya nne. Muuzaji akikataa iwashwe, au akisema chaji imeisha, omba ichajiwe mbele yako au uiache.

Kabla ya kuondoka

Piga `*#06#` ili namba ya IMEI itokee kwenye kioo. Iandike kwenye risiti pamoja na namba ya aina, jina na simu ya muuzaji, na tarehe. Risiti iache nyumbani. Simu ikiibwa, ukieleza polisi kwamba ilikuwa nyeusi yenye kamera tatu, maelezo hayo yatafaa maelfu ya simu. IMEI hutaja moja tu, ya kwako.